Keshi na floti: kuendesha kibanda cha M-Pesa Lamu bila kula mtaji

Kibanda ninachokieleza hapa kiko Langoni, Lamu mjini, hatua chache kutoka ufukweni. Ni cha shemeji yangu. Mimi si mwenye mtaji, ni mwandishi wa hesabu tu: kila Jumamosi usiku nakaa na kitabu chake, chai ya tangawizi pembeni, tukahesabu. Kwa hiyo tarakimu nitakazozitaja ni za kibanda hiki kimoja. Chako kitakuwa na zake, lakini njia ya kuzipata ni ile ile.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakiitazama kazi ya wakala kama duka: unanunua, unauza, unapata faida. Wakala hauzi kitu. Ana droo mbili, moja ya noti na moja ya pesa za kwenye simu, ambazo wenyewe tunaziita floti. Mteja akitoa, noti zinapungua na floti inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Akiweka, inakuwa kinyume. Jumla haibadiliki. Anacholipwa wakala ni kamisheni ya kila muamala, na hiyo haiingii kwenye droo yoyote siku hiyo, bali huja mwisho wa mwezi. Ukilielewa hili mapema utajua kwa nini mtu anaweza kuwa na shilingi laki moja na bado akawafukuza wateja saa sita mchana.

Kwanza hesabu watu, kisha kodi

Kabla ya kulipia chumba, shemeji yangu alikaa barazani mkabala na vibanda viwili vya jirani kwa siku tatu: siku ya kawaida, Ijumaa, na siku ya mwisho wa mwezi. Hakuhesabu wanaoingia tu. Alihesabu wanaotoka mikono mitupu. Ukisikia "hamna keshi" au "floti imekwisha, jaribu pale mbele", weka alama. Siku ya mwisho wa mwezi aliweka alama kumi na nne kwa asubuhi moja. Wateja wale kumi na nne ndio waliompa moyo wa kufungua, kwa sababu hakuhitaji kumnyang'anya mtu mteja. Alihitaji kuwa na noti saa ambayo wenzake hawana. Kama katika siku zako tatu hukuona mtu hata mmoja akirudishwa, ujue mtaa huo tayari una mawakala wanaotosha.

Upande wa karatasi nitapita haraka. Unahitaji jina la biashara lililosajiliwa, pini ya KRA, kitambulisho, cheti cha tabia njema na leseni ya kaunti. Wadogo wengi huingia chini ya wakala mkuu, ambaye ana mkataba na kampuni ya simu na hukata sehemu ya kamisheni kabla ya yako kukufikia. Muulize mambo matatu na ayaandike: anakata asilimia ngapi, analipa tarehe ngapi, na ukiacha kazi, mtaji wako unarudi kwa siku ngapi.

Kuna njia ya mkato nayo ni kukodi laini ya wakala ya mtu mwingine. Vibanda vingi vinaendeshwa hivyo, na mimi siipendi. Floti iliyo kwenye laini ile ni yako kwa maneno, lakini jina lililoandikwa ni la mwenzako. Mkikosana, au akifariki warithi wakaja, utaanza kueleza habari za laki yako kwa watu ambao hawakujui. Kama huna budi, andikianeni mbele ya wakili na usiache floti kubwa ilale usiku kwenye laini hiyo.

Mtaji ugawanywe vipi

Kibanda kilianza na shilingi 120,000. Alizigawa 70,000 floti na 50,000 noti, bila sababu yoyote isipokuwa kwamba ndivyo alivyoambiwa na mtu. Tutazame siku moja ya kawaida ilivyokwenda.

Siku hiyo waliotoa walikuwa 38, jumla shilingi 91,200. Walioweka walikuwa 27, jumla shilingi 54,000. Kwa hiyo noti zilipungua kwa 37,200. Alifungua na 50,000, akafunga na 12,800. Floti ilipanda kutoka 70,000 hadi 107,200. Ukijumlisha droo mbili unapata 120,000 kamili. Kwa kitabu, siku imekwenda salama na noti zimebaki.

Lakini kijana wa kibandani aliniambia kwamba saa sita mchana aliishiwa, akarudisha watu. Vipi mtu aishiwe noti katika siku aliyofunga akiwa na 12,800? Jibu liko kwenye saa. Tulipopitia kitabu mstari kwa mstari tukaona kwamba hadi saa sita watu walitaka kutoa 62,000, na walioweka walileta 11,000 tu. Pengo lilikuwa 51,000, na droo ilikuwa na 50,000. Mteja wa mwisho alisubirishwa, wengine wakapita njia. Wanaoweka, ambao wengi ni wenye maduka, huja jioni baada ya mauzo, na kundi kubwa kabisa huja baada ya magharibi. Wanaotoa huja asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo usipime mahitaji ya noti kwa kutazama mwisho wa siku. Fanya hivi: kila saa moja andika jumla ya waliotoa na jumla ya walioweka tangu ufungue, kisha toa ya pili kwenye ya kwanza. Pengo kubwa kuliko yote ndani ya siku ndicho kiasi cha noti unachohitaji kufungulia, ukiongeza kidogo cha tahadhari, kama elfu tano hivi. Fanya kwa wiki mbili tu. Utaona Jumatatu haifanani na Ijumaa, na tarehe 28 haifanani na tarehe 15. Kwa upande wa floti, ligeuze: tafuta saa ambayo walioweka wamewazidi waliotoa kwa kiasi kikubwa zaidi. Huko ndiko floti hukatika, na kwetu hutokea wiki ya kufungua shule, wazazi wanapoleta noti ili walipe karo kwa simu.

Mambo mawili ya Lamu yalituchukua muda kuyajua. La kwanza ni mwezi. Wanaotafuta pweza hutoka kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuwa wazi, na bamvua huja mara mbili kwa kila mwezi mwandamo. Mnunuzi akishawatumia pesa, siku ile au ya pili wako dirishani wakitaka noti. Siku hizi kalenda ya kibandani ina alama za bamvua kwa kalamu nyekundu pamoja na tarehe za mishahara. La pili ni Ramadhani. Asubuhi kibanda hulala usingizi, kisha kuanzia alasiri hadi kabla ya futari watu hujaa kama soko la samaki, na baada ya tarawehe wanarudi tena. Ukifungua na kufunga kwa saa za kawaida utakuwa umefungua kwa ajili ya nzi.

Kusawazisha

Neno hili ndilo kazi yenyewe. Kibanda chetu hupoteza noti 37,200 kwa siku na kupata floti kiasi hicho. Siku ya pili, bila kusawazisha, hakifiki saa nne.

Njia ya benki iko wazi: unahamisha floti kwenda benki, unatoa noti, unalipa ada. Kwa kuwa Lamu mjini benki zipo na tunatembea kwa miguu, kila safari hutugharimu wastani wa shilingi 80, yaani karibu 2,100 kwa mwezi. Gharama kubwa zaidi ni saa moja ya foleni ambayo kijana hayupo dirishani. Ndiyo maana Jumapili hatufungui. Watu hudhani ni mapumziko, kumbe ni kwa sababu benki imefungwa na noti za Jumamosi hazifiki Jumatatu.

Njia bora tuliipata kwa bahati. Jirani yetu ana duka la jumla la unga na mafuta. Kila jioni alikuwa akija kuweka mauzo yake, kisha asubuhi anamtumia mwenye bidhaa wake Mombasa. Shemeji akamwambia, "Ami, kwa nini usilete asubuhi saa tatu, ukaweka na kutuma papo hapo?" Mzee akafikiri kidogo, akasema noti zinalala dukani kwake usiku. Akaambiwa zilale kwenye kasha lake kama zinavyolala siku zote kabla ya M-Pesa. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asipange foleni. Basi kila asubuhi huleta kama shilingi 20,000. Rudi kwenye hesabu ya siku ile: hadi saa sita walioweka sasa wanakuwa 31,000 badala ya 11,000, na pengo linashuka kutoka 51,000 hadi 31,000. Hakuna aliyekopa, hakuna aliyelipa riba, na jumla ya siku haikubadilika hata senti. Kilichohama ni saa tu.

Kabla ya kukimbilia mkopo wa kuongeza mtaji, tafuta mtu wa namna hiyo: mwenye duka la jumla, la mafuta ya boti au la vifaa vya ujenzi. Sharti awe anapokea noti na analipa kwa simu. Wakala mwenzako wa jirani naye husaidia, hasa mkiwa chini ya wakala mkuu mmoja, lakini mara nyingi anaishiwa noti saa ile ile unayoishiwa wewe.

Kuhusu mteja mkubwa: tangu 2023 muamala mmoja unaruhusiwa kufika shilingi 250,000, na siku moja fundi wa jahazi atakuja kutoa 50,000. Kamisheni haikui sawasawa na kiasi. Muamala mmoja wa 50,000 unamaliza droo na unakulipa pungufu ya kile ambacho ungelipwa na watu ishirini wa 2,500 kwa noti hizo hizo. Usimkatalie, mpe miadi ya jioni noti zikiwa nyingi. Na usishawishike kuugawa muamala wake vipande vipande ili kamisheni iongezeke. Hilo limekatazwa, mfumo huliona, na kamisheni hukatwa baadaye. Hali ni hiyo hiyo ukimwekea mteja pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine ili akwepe ada ya kutuma. Wateja nao wana hesabu zao: kwa ada za 2023 kutoa hadi 2,500 ni shilingi 29, na ukivuka tu hapo ni 52. Ndiyo maana kitabu chetu kimejaa 2,500.

Kufunga siku

Usiku, hesabu noti, soma salio la floti, jumlisha. Lazima upate mtaji wako, 120,000. Hairuhusiwi kuwa "karibu". Ikipungua, usilale kabla ya kujua kwa nini, kwa sababu kesho miamala mingine 65 itafunika alama.

Anza kwa kuligawa pengo kwa tisa. Likigawanyika bila baki, shuku tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Usiku mmoja tulipungukiwa na 1,800. Ukigawa kwa tisa unapata 200. Tukapita kwenye miamala ya kuweka na kumkuta mteja aliyeleta 3,500, kijana akabonyeza 5,300. Floti iliondoka 5,300, noti zikaingia 3,500. Nasema tazama kuweka kwanza kwa sababu anayebonyeza wakati wa kuweka ni wewe wakala, na wakati wa kutoa ni mteja. Kosa la kiasi au la namba wakati wa kuweka ni lako na unalilipa wewe. Tangu hapo kijana humsomea mteja namba na kiasi kwa sauti kabla ya kubonyeza. Foleni hunung'unika, na inung'unike. Ukigundua kosa papo hapo, piga simu ya huduma ya mawakala dakika hiyo hiyo. Aliyepokea akishaitoa au kuitumia, unabaki kumwomba. Yule wa 5,300 alikuwa mtu wa Mkomani, akarudisha siku ya pili akicheka.

Pengo lisipogawanyika kwa tisa, au likigawanyika na usikute kosa hilo, tafuta muamala mmoja wenye kiasi hicho hicho. Mara nyingi ni noti zilizotolewa bila muamala kukamilika, na hapo tunaingia kwenye wizi.

Ujumbe wa uongo

Ilikuwa Ramadhani, baada ya alasiri, dirisha limejaa. Mtu mmoja mwenye kanzu safi akasema, "Mwanangu, elfu tisa yangu imeingia, nihesabie haraka mashua inaniacha." Simu ya kibanda ililia, kijana akatazama, ujumbe wa M-Pesa, elfu tisa, jina, kila kitu. Akahesabu noti. Usiku tulipungukiwa na 9,000 kamili.

Tulipoufungua ule ujumbe kwa utulivu tuliona mambo mawili. Ulitoka kwenye namba ya kawaida, si kwa mtumaji anayeandikwa MPESA. Na salio la floti lililotajwa mwishoni halikukaribiana hata kidogo na salio letu. Hapo ndipo pa kumkamatia: mwizi anaweza kuiga jina, tarehe na mpangilio wa maneno, lakini hajui floti yako ni ngapi. Kwa hiyo kitabuni tuliongeza safu ya salio, na kijana huandika salio jipya baada ya kila muamala. Kabla ya kutoa noti hulinganisha: salio la mstari uliopita likijumlishwa na kiasi kinachotolewa lazima lifanane na salio la ujumbe. Huchukua sekunde tano. Kitambulisho halisi na sahihi havirukwi, hata kwa jirani. Yule bwana wa kanzu hakuonyesha kitambulisho, na kijana hakuomba kwa kuona haya.

Faida ni kiasi gani hasa

Wastani wa kamisheni inayotufikia, baada ya wakala mkuu kukata chake, ni shilingi 16 kwa muamala. Miamala 65 kwa siku, siku 26, ni 27,040. Matumizi: kijana 12,000, chumba 5,000, benki 2,100, umeme na vitabu 1,000, na fungu la leseni ya kaunti 500. Jumla 20,600. Inabaki 6,440.

Ukigawa 20,600 kwa 16 na kwa siku 26 unapata takriban miamala 50 kwa siku. Chini ya hapo unamlipa mteja ili akutembelee. Na ule ujumbe mmoja wa uongo ulikula faida ya karibu mwezi na nusu, ndiyo maana sioni sekunde tano kuwa nyingi.

Kusi ndilo linalotupima. Bahari ikichafuka na vyombo vidogo vikikaa nanga, miamala hushuka hadi 48 kwa siku. Kamisheni inakuwa 19,968, pungufu ya matumizi kwa 632. Hasara yenyewe ni ndogo. Hatari ni kwamba mwenye kibanda huona floti 100,000 imekaa kwenye simu na kujiambia atachota kidogo ya matumizi ya nyumbani, kaskazi ikirudi atarudisha. Kaskazi inarudi, mtaji ni 85,000, na noti zinakatika saa nne asubuhi wakati wateja wamerejea. Shemeji alilikwepa hilo kwa kukaa dirishani mwenyewe nusu siku miezi hiyo na kijana kulipwa nusu, kwa makubaliano yaliyowekwa tangu mwanzo.

Mwaka huu alitaka kufungua tawi Kizingitini, kisiwani Pate, kwa kuwa wavuvi huko wanapokea pesa nyingi kwa simu. Tukalifanyia hesabu ile ile. Huko noti huja kwa mashua, na kama angeweza kuzipeleka kila siku ya tatu, kwa miamala kama ya Langoni angehitaji 37,200 mara tatu, yaani 111,600 za noti peke yake, kabla hujaweka floti wala kufikiria mtu mwenye mfuko wa laki ndani ya mashua. Njia pekee ilikuwa kupata wenye maduka wa huko huko waweke noti walizolipwa na wavuvi. Akaenda, akazungumza na watatu wakubwa. Wawili tayari wanaweka kwa wakala aliyepo, tena asubuhi, na wa tatu ni mkwe wake huyo wakala. Akapanda mashua ya kurudi Lamu siku ile ile.